Soma Tarehe Kabla ya Sindano: Ng'ombe Asiyerudi Joto na Yule Anayerudia Mbegu

Malalamiko ya mfugaji wa maziwa kuhusu uzazi huwa ni mawili. La kwanza: "Tangu azae hajaonyesha joto." La pili: "Joto analo, mbegu anapandikizwa, lakini kila mara anarudia." Hasara ya yote mawili ni ileile, maziwa yanakauka na ndama hayupo. Chanzo ndicho tofauti. Kwa la kwanza, swali ni kama mayai yanapevuka kabisa. Kwa la pili mayai yanapevuka, ila kuna kitu kinazuia mimba kutunga au kinaiua ikiwa changa. Anayechanganya mambo haya mawili huishia kununua sindano isiyohusika.

Ili tusizungumze hewani, tumchukue ng'ombe wa mfano: chotara wa Friziani katika banda la mfugaji mdogo huko Rungwe, mkoani Mbeya. Yuko peke yake bandani, analetewa majani ya tembo na vigogo vya migomba. Alizaa tarehe 10 Januari, ndama jike mzima, ila kondo la nyuma lilining'inia hadi kesho yake, ndipo jirani akalivuta kwa mkono. Anatoa lita 15 kwa siku. Tarehe 15 Aprili, siku ya 95 tangu azae, mwenye ng'ombe anampigia daktari wa mifugo: hajaona joto hata mara moja.

Siku 95 ni nyingi au chache? Ng'ombe asiye na mimba huja joto kila siku 21. Akiwahi ni 18, akichelewa ni 24. Baada ya kuzaa, kizazi huchukua siku kama 40 kusinyaa na kurudi ukubwa wake. Ng'ombe aliyelishwa vizuri huweza kupevusha yai hata kabla kizazi hakijamaliza kusinyaa, katika wiki ya tatu au ya nne, lakini joto hilo la kwanza mara nyingi hupita kimya. Kuanzia siku ya 45 hadi ya 60 huwa tayari kupandishwa. Mimba hukaa siku kama 280, kwa hiyo anayetaka ndama kila mwaka ana siku 85 tu za kumshikisha mimba. Ng'ombe wetu ameshazipita.

Jambo la kwanza kuuliza ni kama hana mimba tayari. Wafugaji huudhika kuulizwa hivyo, lakini dume la jirani halihitaji barua ya mwaliko, na ng'ombe aliyetoka kunywa maji mtoni mara moja tu anaweza kurudi na mimba. Sababu ya kuuliza mapema ni kwamba dawa inayotumika zaidi kumrudisha ng'ombe joto, yaani prostaglandini, hutoa mimba. Anayemchoma ng'ombe kabla ya kumpima hujiweka katika hatari ya kuua ndama aliyekuwa anamtafuta. Dawa hiyo pia si ya kushikwa ovyo: hupenya kwenye ngozi, na mwanamke mjamzito au mtu mwenye pumu asiiguse kabisa.

La pili: je, kweli hajaja joto, au alikuja na hakuna aliyemwona? Katika mabanda ya ng'ombe mmoja, hiki ndicho kisa ninachokishuku kabla ya vingine vyote. Dalili ya kweli ya joto ni ng'ombe kusimama tuli anapopandwa na mwenzake. Aliye peke yake hana wa kumpanda. Zaidi ya hapo, joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18 tu, na mara nyingi huanza jioni au usiku wakati watu wamelala. Sakafu ya saruji inayoteleza humfanya aogope hata kurukaruka. Huko pwani, Tanga kwa mfano, jua kali hufupisha joto na kufifisha dalili zake. Rungwe penye baridi hatuna kisingizio hicho.

Kwa hiyo mwenye ng'ombe mmoja anapaswa kutafuta dalili ndogo. Ng'ombe analia bila sababu, hatulii, anapunguza kula, maziwa yanashuka ghafla kwa mkamuo mmoja, uke umevimba kidogo na kuwa mwekundu, na ute mwangavu kama ute wa yai unaning'inia au umegandia mkiani. Mtazame dakika 20 alfajiri kabla ya kumkamua, kisha tena kama saa 3 usiku, akiwa ametulia na si wakati wa kumpa chakula. Kwenye chakula kila ng'ombe huonekana mchangamfu.

Ipo dalili moja zaidi ambayo wengi huitafsiri vibaya. Siku moja hadi tatu baada ya joto kwisha, baadhi ya ng'ombe hutoa damu kidogo inayoonekana kwenye mkia. Wengine husema mimba imetoka, wengine husema mbegu imekataa. Damu hiyo haisemi lolote kati ya hayo. Inasema tu kwamba joto lilikuwapo juzi. Ukiiona, andika tarehe, hesabu siku 18 mbele, na kuanzia hapo kaa macho.

Mwenye ng'ombe wetu hakuona ute wala damu. Daktari alivaa glavu ndefu, akapima kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa. Mimba hakuna. Kizazi kimesinyaa. Ovari zote mbili ni ndogo, laini, bila uvimbe wowote. Angegusa ule mwili wa njano unaobaki juu ya ovari baada ya yai kutoka, angesema ng'ombe anazunguka kama kawaida na kosa ni la macho ya watu. Angekuta kizazi kimejaa usaha huku mwili wa njano umeng'ang'ania, tatizo lingekuwa ugonjwa wa kizazi, na hapo prostaglandini ingekuwa dawa sahihi. Ovari ndogo na laini zina maana nyingine: zimelala. Kwa kuwa mwili wa njano mchanga unaweza kumpita hata mtaalamu, alirudi kupima tena baada ya siku 10. Akakuta vilevile.

Ovari hulala hasa kwa njaa. Si njaa ya tumbo tupu, maana ng'ombe huyu alikuwa anacheua mchana kutwa. Wiki za kwanza baada ya kuzaa, maziwa hupanda haraka kuliko uwezo wa ng'ombe kula, naye hulipa upungufu huo kwa mafuta ya mwili wake. Mwili unaojila wenyewe huahirisha uzazi. Wataalamu hupima unene kwa alama 1 hadi 5, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 5 ni mnene kupita kiasi. Ng'ombe azae akiwa na alama 3 au 3 na nusu, na asipoteze zaidi ya alama moja baada ya hapo. Huyu alikuwa na alama 2: pande mbili za mkia zina mashimo, mifupa ya nyonga imechomoza, na mbavu za nyuma unazihesabu ukiwa mlangoni.

Hesabu ya chakula chake iko hivi. Majani mazuri ya tembo, yaliyokatwa yakiwa bado machanga, hulisha mwili wa ng'ombe na kutoa kama lita 7 za maziwa. Zinabaki lita 8. Kila kilo ya chakula cha ziada kilichochanganywa vizuri, pumba za mahindi pamoja na mashudu ya alizeti au pamba na madini, hutoa takribani lita 2. Kwa hiyo alihitaji kilo 4 kwa siku. Alikuwa anapewa kilo 2, tena za pumba tupu. Na majani yenyewe hayakuwa ya lita 7, maana nusu ya mzigo ilikuwa vigogo vya migomba, ambavyo sehemu kubwa ni maji. Ng'ombe alijaa tumbo lakini hakushiba.

Dawa ilikuwa chakula: kilo 4 zilizogawanywa kwenye mikamuo miwili, pumba na mashudu, madini ya unga ya ng'ombe wa maziwa kila siku, vigogo vya migomba vipunguzwe, na maji mbele yake usiku na mchana. Kiwango kilipandishwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, kwa sababu kumwagia ng'ombe pumba kwa ghafla humharibu tumbo. Wauza dawa walipendekeza sindano ya vitamini. Haina ubaya, lakini haiwezi kuziba pengo la kilo 2 za chakula kwa siku. Prostaglandini nayo isingefanya kitu, kwani kazi yake ni kuyeyusha mwili wa njano, na huyu hakuwa nao.

Ni lazima kusubiri. Yai linalopevuka leo lilianza kukua wiki nyingi nyuma, likiwa bado kwenye njaa ya wakati ule. Mfugaji anayebadilisha chakula Jumatatu na kutazamia joto Ijumaa atakata tamaa bure. Ng'ombe wetu alikuja joto tarehe 28 Mei, wiki sita baada ya chakula kubadilika.

Kwa ng'ombe wa asili anayenyonyesha, kuna sababu nyingine ya kuangalia. Ndama anayenyonya mchana na usiku huzuia joto la mama yake, hata malisho yakiwa mazuri. Kumtenga ndama na kumruhusu anyonye asubuhi na jioni tu mara nyingi hufungua njia. Kwa ng'ombe wa kukamuliwa, ambaye ndama hulishwa kwa ndoo, jambo hili halina uzito.

Sasa yakaanza malalamiko ya pili. Ng'ombe alipandishwa tarehe 28 Mei. Akarudia 18 Juni. Akapandishwa, akarudia 9 Julai. Akapandishwa mara ya tatu, akakaa kimya hadi 22 Agosti, wakati nyumba nzima ikiamini ana mimba, akaja joto tena. Ng'ombe aliyepandishwa mara tatu au zaidi bila kushika, huku mzunguko wake ni wa kawaida na kwa nje haonyeshi ugonjwa, ndiye tunayemwita mrudiaji.

Chukua kalenda uhesabu. Kutoka 28 Mei hadi 18 Juni ni siku 21, na hadi 9 Julai ni siku 21 nyingine. Mwili wa ng'ombe hutambua uwepo wa mimba karibu siku ya 16. Kwa hiyo anayerudia kwa siku 21, ama yai halikurutubishwa kabisa, ama mimba ilikufa mapema mno kabla mwili haujaitambua. Kutoka 9 Julai hadi 22 Agosti ni siku 44. Hapo yawezekana mimba ilitunga kisha ikafa baadaye, au ilishindikana mapema na joto la karibu tarehe 30 Julai halikuonekana. Wiki hiyo familia ilikuwa msibani. Ingekuwa siku 10 au 12 tu, ungejua mojawapo ya siku mbili hizo hakuwa kwenye joto, na mbegu ilipotezwa bure.

Daktari hakuanza na ng'ombe. Alianza na saa.

"Mama, ile tarehe 28 joto ulilionaje?"

"Saa 11 alfajiri, Daktari, nilipokwenda kukamua. Ute ulikuwa unaning'inia."

"Usiku wake?"

Kijana anayelala karibu na banda ndiye aliyejibu: ng'ombe alianza kulia tangu saa 3 usiku, naye akadhani ni kiu. Mhimilishaji alipigiwa simu saa 2 asubuhi, lakini alisubiri apate wateja wengine wa njia hiyo, akafika kesho yake saa 4 asubuhi. Tangu joto lianze, zilikuwa zimepita saa 37.

Hesabu ya yai ni hii. Yai hutoka kwenye ovari saa 28 hivi baada ya joto kuanza, na huishi saa 6 hadi 12 tu. Mbegu nazo huhitaji saa kama 6 ndani ya kizazi kabla ya kuwa tayari kurutubisha. Mhimilishaji alipofika, yai lilikuwa na saa 9 tangu litoke. Mbegu zikiwa tayari, lina saa 15 na limekwisha kuharibika. Ndiyo maana kanuni ya kawaida husema: ukiona joto asubuhi, apandishwe jioni hiyohiyo, ukiliona jioni, apandishwe asubuhi yake mapema. Lakini kanuni hiyo huhesabu tangu joto linapoanza. Kwa mtu aliyelikuta tayari limeiva alfajiri, jioni ni mwisho, si kesho.

Ushahidi mwingine ulikuwa kwenye mkia. Mama alikumbuka kuona damu asubuhi iliyofuata, siku moja tu baada ya mbegu. Ikitokea mapema hivyo, hudokeza kwamba mbegu ilichelewa. Tarehe 18 Juni mambo yalikwenda vilevile, kwa mhimilishaji yuleyule na safari ileile ya kesho yake.

Mfugaji pia ana haki ya kutazama jinsi mbegu inavyoshughulikiwa. Mirija hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikitolewa huyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika au zaidi kidogo, kisha mbegu iingie kwa ng'ombe ndani ya dakika chache. Mhimilishaji anayeyeyushia mrija kwapani au mfukoni, au anayefika na mrija ulioyeyushwa nyumba ya kwanza, anakuuzia maji. Kama ng'ombe wengi wa kijiji kimoja wanarudia kwa mhimilishaji mmoja, chunguza mtungi wake wa naitrojeni kabla hujawalaumu ng'ombe.

Ya tarehe 9 Julai ilikuwa kesi nyingine. Safari hiyo mama alipiga simu usiku na mbegu ikafika asubuhi, kwa wakati. Alipoulizwa kuhusu ute, alisema ulikuwa na "vidoa kama vya maziwa yaliyokatika." Ute wa joto wa ng'ombe mzima huwa mwangavu kabisa. Ukiwa na ukungu au vipande vyeupe, ndani ya kizazi kuna uvimbe wa muda mrefu, mwepesi kiasi kwamba ng'ombe anakula na kukamuliwa kama kawaida, lakini mimba changa haipati pa kukaa. Turudi 10 Januari: kondo lililovutwa kwa mkono. Kondo lisilotoka ndani ya saa 24 ni la kumwita daktari. Kulivuta huacha vipande ndani na kuchubua kizazi, na uchafu hupata njia. Wakati wa njaa ovari zilikuwa zimelala na kizazi hakikuwa kinajisafisha kwa joto, hivyo ugonjwa ulikaa kimya miezi kadhaa.

Tarehe 22 Agosti ute ulikuwa na vipande vilevile. Daktari alikataa mbegu isitumike siku hiyo, akaweka dawa ndani ya kizazi, na akataja siku ambazo maziwa hayapaswi kunywewa wala kuuzwa. Joto lililofuata, tarehe 12 Septemba, ute ulikuwa safi. Jioni ya siku hiyohiyo akapandishwa.

Kuna magonjwa ambayo kisa hiki hakikuyagusa kwa sababu hakuna dume lililotumika. Trikomonasi na kampilobakta huambukizwa na dume wakati wa kupanda, huua mimba changa, na husababisha kundi zima kurudia kwa siku zisizo na mpangilio. Ukitumia dume la kijiji na majirani watatu wanalalamika jambo moja, chanzo cha kuchunguza ni dume. Ng'ombe akitupa mimba ya miezi mitano au zaidi, fikiria brusela: usiguse kitoto wala kondo bila glavu, chemsha maziwa, na omba damu ipimwe, kwani ugonjwa huo huhamia kwa watu.

Katikati ya Novemba ng'ombe wetu alipimwa kwa mkono, akakutwa na mimba ya miezi miwili. Kutorudia peke yake si uthibitisho. Mmekwisha kuona siku 44 za matumaini bure. Tangu azae hadi ashike mimba zimepita siku 245, na ndama mwingine atazaliwa karibu 19 Juni, miezi 17 baada ya yule wa kwanza. Kama angerudia tena, huku chakula kinatosha, ute ni safi, saa imezingatiwa, mhimilishaji amebadilishwa na daktari hajaona kasoro, ningempa nafasi moja ya mwisho, kisha ningemuuza kwa nyama wakati maziwa yake bado yanalipia pumba anazokula.